Siri ya Mteja Haikufungi Mdomo

Kuna kauli ambayo wakaguzi wa hesabu, wataalamu wa mifumo na washauri wa biashara huirudia kila wanapokaa kuandika wasifu wa kazi: "Miradi yangu mikubwa yote iko chini ya mkataba wa usiri, kwa hiyo sina cha kuandika." Nimesoma wasifu wa watu wengi wa fani hizi, na matokeo ya kauli hiyo huonekana ukurasa wa kwanza. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi anaandika kwamba "alishiriki katika miradi mbalimbali ya wateja wa sekta ya fedha", basi. Na wapo waliochoka kukaa kimya ambao huandika kinyume chake: jina la benki, kiasi kilichoibwa, mwaka, hata jina la mfumo uliokuwa na mwanya.

Makundi haya mawili yanaonekana kupingana, ila yamesimama juu ya dhana moja. Yote yanaamini kwamba mafanikio na siri ni kitu kimoja, hivyo huwezi kusema la kwanza bila kumwaga la pili. Mimi nasema ni vitu viwili. Siri ni hali ya mteja: nani, alikuwa na tatizo gani lenye aibu au hasara, ana fedha kiasi gani, ulinzi wake una matundu wapi. Mafanikio yako ni kazi: uligundua nini kuhusu chanzo cha tatizo, ulibadili nini, na mambo yalikwendaje baada ya hapo. Anayejua kuvitenganisha anaweza kuandika wasifu wenye nguvu bila kuvunja neno alilompa mteja.

Kabla sijaendelea, niwatendee haki wanaonyamaza. Wana sababu tatu nzito. Kwanza, mikataba mingi ya usiri hutumia maneno mapana kama "taarifa zozote" alizozipata mshauri wakati wa kazi, na neno "zozote" linatisha. Pili, waajiri wanapenda majina na tarakimu, kwa hiyo sentensi isiyo na jina inaonekana dhaifu. Tatu, kukaa kimya hakujawahi kumpeleka mtu mahakamani. Sababu ya tatu ni kweli, nami siipingi. Zile mbili za mwanzo ndizo ninazotaka tuzichunguze.

Tuanze na sheria. Ingawa mkataba unasema "zozote", mikataba hiyohiyo kwa kawaida huweka kando mambo ambayo tayari yanajulikana na umma na yale uliyokuwa ukiyajua kabla ya kumfahamu mteja. Zaidi ya hapo, sheria ya usiri tuliyoirithi kutoka Uingereza imekuwa ikitofautisha siri ya mwenye biashara na ujuzi wa mtu aliyefanya kazi. Kesi inayolieleza jambo hili vizuri ni ya Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1986. Kampuni ilikuwa ikiuza kuku wabichi kwa magari yenye majokofu. Meneja wake wa mauzo aliondoka, akaanzisha biashara kama hiyo na kuchukua baadhi ya wafanyakazi wenzake. Kampuni ilidai kwamba wanatumia siri zake: majina ya wateja, njia za magari, siku za kupeleka mzigo na bei. Mahakama ilikataa dai hilo. Ilieleza kwamba mfanyakazi akiwa bado kazini wajibu wake wa kutunza siri ni mpana, lakini akishaondoka kinacholindwa ni siri halisi za biashara na taarifa za uzito huohuo. Yale mengine aliyobaki nayo kichwani kama sehemu ya uzoefu wake ni yake.

Ni lazima niseme pia mipaka ya kesi hiyo. Kwa mahakama zetu hukumu hiyo ni mwongozo tu, haizifungi. Iliamuliwa juu ya wafanyakazi wasio na kifungu cha mkataba kinachowabana baada ya kuondoka, wakati mshauri wa leo mara nyingi amesaini kifungu cha namna hiyo. Na baadhi ya mikataba inakataza hata kutaja kwamba uhusiano na mteja uliwahi kuwapo. Kwa hiyo sisemi kwamba sheria inakuruhusu kusema chochote. Ninachosema ni kwamba sheria yenyewe haichukulii ujuzi wako kuwa mali ya mteja. Ukijifunza kwamba hesabu mbili hazilingani kwa sababu mifumo miwili hufunga siku saa tofauti, ujuzi huo ni wako. Jina la benki ulikojifunzia ndilo la mteja.

Sasa tuje kwa mwajiri. Inasemwa kwamba anataka majina. Nakubali kwamba jina kubwa huvuta jicho. Lakini jiulize anapata nini kwenye sentensi hii: "Nilifanya kazi na benki fulani maarufu kwenye mradi wa mawakala." Anajua uliingia kwenye jengo. Hajui ulifanya nini humo, na mtu anayeajiri kwa makini atakuuliza hilo kabla hujamaliza kunywa maji. Jina ni dhamana ya kuazima. Linasema kuna taasisi iliyokuamini, lakini halisemi kama uliistahili imani hiyo. Sentensi inayoeleza chanzo cha tatizo na ulichokibadili humpa msomaji kitu cha kupima, kwa sababu mtu ambaye hakuifanya kazi hiyo hawezi kuieleza kwa mpangilio. Isitoshe, anayeajiri mtaalamu wa kushika siri zake anasoma wasifu akiwa na swali lingine moyoni: huyu atanisemaje mimi akiondoka?

Hadi hapa nimewajibu wanaonyamaza. Kundi la pili, hasa wale wanaodhani wamekuwa waangalifu, linahitaji nafasi kubwa zaidi, maana kosa lao halionekani kirahisi. Wanafuta jina, wanaandika "benki moja kubwa", wanaamini wamemaliza. Dhana ni kwamba siri inakaa kwenye jina. Haikai huko.

Mtafiti wa Marekani Latanya Sweeney alilionyesha hili kwa namna isiyosahaulika. Katika miaka ya 1990, tume inayosimamia bima za watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts ilitoa rekodi za matibabu kwa ajili ya utafiti, majina yakiwa yameondolewa. Sweeney alichukua daftari la wapigakura ambalo lilikuwa likiuzwa wazi, akalilinganisha na rekodi hizo kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akampata gavana wa jimbo, William Weld. Baadaye alikadiria kwamba mambo hayo matatu yanatosha kuwatambulisha kipekee asilimia 87 ya Wamarekani. Hakuna hata moja kati ya matatu hayo ambalo ni jina, na kila moja likiwa peke yake halina madhara.

Ukurasa wa wasifu hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, tena kwetu ni rahisi zaidi kwa sababu soko ni dogo. Kampuni za simu za Tanzania unazihesabu kwa vidole. Ukiandika "kampuni ya simu nchini", msomaji ameshabakiwa na majina machache. Ukiongeza "iliyobadilisha jina hivi karibuni" umelitaja. Mabenki ni mengi kidogo, lakini "benki ya kigeni iliyoungana na nyingine mwaka ule" ni jina kamili kwa yeyote anayesoma magazeti.

Mwenza wa jina ni tarakimu, na hapa ndipo hata watu makini huteleza. Wameshauriwa waandike asilimia badala ya kiasi, nao wanaandika kwamba walisaidia benki kushusha mikopo chechefu kutoka asilimia 11.3 hadi 6.8. Hakuna jina wala shilingi. Lakini mabenki ya Tanzania, kama ya Kenya, hutakiwa kuchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka, na taarifa hizo huonyesha mikopo chechefu. Mwenye nusu saa na matoleo ya magazeti ya zamani atakaa aangalie ni benki gani ilikuwa na namba hizo mbili. Asilimia haikuficha kitu, imegeuka alama ya kidole.

Kuna mtego mwingine wa tarakimu usiohitaji gazeti lolote. Mtu anaandika kwamba aliokoa shilingi milioni 240 kwa mwaka, sawa na asilimia 8 ya gharama za usafirishaji za mteja. Gawanya milioni 240 kwa 0.08, unapata bilioni 3. Hiyo ndiyo gharama yote ya usafirishaji ya mteja, namba ambayo mshindani wake angeilipia. Mwandishi hakuitaja popote, lakini aliwapa wasomaji pande mbili za hesabu, na upande wa tatu ukajitokeza wenyewe. Toa kiasi au toa uwiano, usitoe vyote viwili juu ya jambo moja.

Njia iliyo salama, kwa maoni yangu, ni kupima kazi yako badala ya kupima mteja. Siku ngapi kazi fulani ilichukua kabla na baada, makosa mangapi katika kila mia, ni watu wangapi uliowaongoza. Namba hizi huzaliwa ndani ya mradi na kwa kawaida hazichapishwi popote, hivyo hakuna wa kuzilinganisha nazo. Na bahati njema ni kwamba ndizo zinazomweleza mwajiri zaidi, kwa kuwa hali ya mteja ina sababu mia, bali muda wa kazi uliyoipanga upya una mkono wako ndani yake.

Nichukue mfano mmoja niliouunda kutokana na tatizo linalojulikana na kila aliyefanya kazi na mawakala wa benki, tuupitishe hatua kwa hatua.

Mteja wa benki anaweka fedha kwa wakala. Upande wa kampuni ya simu muamala unaonekana umekamilika, upande wa benki hauonekani. Fedha inaingia kwenye akaunti ya kusubiria, na kila asubuhi wafanyakazi hukaa na majedwali mawili wakilinganisha mstari kwa mstari. Kazi hiyo, inayoitwa usuluhishi wa hesabu, inachukua siku tisa. Mshauri anaitwa. Anagundua kwamba kampuni ya simu hufunga siku saa sita usiku, wakati mfumo wa benki hufunga saa kumi na mbili jioni, hivyo kila muamala wa jioni una tarehe mbili tofauti, na ulinganishaji unategemea tarehe. Anabadili kanuni ili ulinganishaji utegemee namba ya muamala na kiasi. Katika kuchimba, anakuta kwamba mfanyakazi mmoja amekuwa akirejesha fedha za muamala mmoja mara mbili, kwa sababu anayelinganisha ndiye huyohuyo anayeidhinisha marejesho. Kazi hizo mbili zinatenganishwa. Mwishowe usuluhishi unakamilika siku inayofuata.

Mtu mwenye haraka angeandika hivi: "Nikiwa mshauri wa Benki Fulani, nilifichua wizi wa shilingi bilioni 1.4 uliofanywa na mfanyakazi wa idara ya uendeshaji kupitia udhaifu wa mfumo wa marejesho." Tazama sentensi hiyo imefanya nini. Imetaja mteja. Imetangaza hasara ambayo huenda wenye hisa hawakuambiwa kwa namna hiyo. Imemnyooshea kidole mtu ambaye pengine shauri lake halijaamuliwa, katika idara ambayo wenzake watamtambua. Na imewaonyesha wezi wengine pa kuanzia. Juu ya yote hayo, haijasema mshauri alifanya nini hasa. "Nilifichua" kwa njia gani?

Sasa soma hii: "Kwa taasisi ya fedha ya Afrika Mashariki inayohudumia wateja kupitia mawakala, niliongoza timu ya watu wanne kupanga upya usuluhishi wa miamala. Nilibaini kwamba chanzo cha ucheleweshaji ni tofauti ya saa za kufunga siku kati ya mifumo miwili, nikabadili kanuni ya ulinganishaji ili itegemee namba ya muamala na kiasi badala ya tarehe. Nilitenganisha pia kazi ya kulinganisha na ya kuidhinisha marejesho. Usuluhishi uliokuwa ukichukua siku tisa sasa hukamilika siku inayofuata."

Mambo matatu yamefanyika hapo, na yanafaa kuangaliwa moja moja.

Kwanza, eneo limepanuliwa. Si "Tanzania" bali "Afrika Mashariki", si "benki" bali "taasisi ya fedha", na mwaka hautajwi. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: hesabu taasisi ambazo maelezo hayo yangeweza kuzihusu. Zikiwa chini ya tano, panua tena. Tano si namba ya sheria, ni tahadhari yangu, na kwa jambo zito kama wizi au ugonjwa ningetaka nyingi zaidi. Lakini usipanue mpaka sentensi ipoteze nyama. Neno "mawakala" limebaki kwa makusudi, maana bila hilo tatizo lenyewe halieleweki, na taasisi zenye mawakala ni nyingi.

Pili, wizi umetoweka lakini dawa yake imebaki. Kutenganisha anayelinganisha na anayeidhinisha ni kanuni ya kawaida ya udhibiti wa ndani ambayo mkaguzi yeyote huipendekeza, hata mahali ambapo hakuna aliyeiba. Msomaji mwenye ujuzi ataona kwamba uliifikiria, lakini hana namna ya kujua kama kulikuwa na tukio. Hapa wengi hunipinga: kufichua wizi ndilo jambo kubwa, kuliacha ni kujinyima. Nakiri kwamba sentensi inapoteza msisimko. Lakini uwezo wa mshauri haukuwa katika kukuta mwizi. Ulikuwa katika kuona kwamba mpangilio wa kazi unaruhusu wizi, na hilo limeandikwa.

Tatu, udhaifu ulioelezwa ni ule ambao hauwezi kutumiwa. Tofauti ya saa za kufunga siku ni jambo la kawaida kati ya mifumo, na udhaifu huo umekwisha kurekebishwa. Ingekuwa mwanya wa usalama ambao bado uko wazi, au ulio katika mfumo unaotumiwa na taasisi nyingine, ningeshauri uachwe kabisa hata kwa maneno ya jumla. Waliojaribu usalama wa mitandao wanaweza kusema walipima mfumo wa aina gani, kwa mbinu gani, na makosa waliyoyapata yalirekebishwa ndani ya muda gani. Mahali pa tundu hapatajwi.

Baada ya sentensi kukaa sawa, siri inaweza bado kuvuja kupitia mambo yanayoizunguka, na hapa kazi nyingi nzuri huharibikia. Umeandika "taasisi ya fedha ya Afrika Mashariki", kisha chini ya ukurasa mdhamini wako ni mkuu wa idara ya uendeshaji wa benki yenyewe, cheo na namba ya simu. Umelitaja jina kwa mkono mwingine. Wadhamini wa miradi ya siri hutolewa mwishoni, baada ya wao wenyewe kukubali, na kwa mwajiri aliyefika hatua ya kuamua. Vilevile sampuli za kazi. Wapo wanaochukua ripoti halisi na kuziba majina kwa mistari myeusi. Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort kule Marekani waliwasilisha mahakamani waraka uliozibwa hivyo, na waandishi wa habari waliweza kunakili maneno yaliyokuwa chini ya weusi na kuyasoma. Kama ni lazima uonyeshe sampuli, itengeneze upya tangu mwanzo kwa takwimu za kubuni na useme kwamba ni za kubuni.

Imebaki hoja moja ya upande wa pili ambayo ni ya kweli, na njia ya kupanua na kupunguza haiitatui. Katika zabuni, jina huwa linatakiwa. Fomu za kawaida za Benki ya Dunia za kuomba kazi ya ushauri zinadai jina la mteja kwa kila kazi uliyoitaja, na wasifu wa kila mtaalamu unataka watu wa kuulizwa. Hapo "taasisi ya fedha ya Afrika Mashariki" haikupi alama, na mtathmini hana kosa, kwa sababu anatakiwa kuthibitisha. Lakini hata hapa chaguo si kuvunja mkataba au kuikosa zabuni. Kuna kumwomba mteja.

Wengi huomba vibaya. Wanaandika, "Tunaomba ruhusa ya kutumia jina lenu kama rejea," na mwanasheria wa mteja, asiyejua litatumika wapi na litasindikizwa na maneno gani, anajibu hapana kwa sababu hapana ndiyo salama kwake. Mpelekee sentensi yenyewe, neno kwa neno, kama itakavyosomeka kwenye zabuni. Mwambie inakwenda kwa nani na kwa zabuni ipi, na kwamba haitatumika penginepo. Mweleze kipi umekiacha. Akiona kwamba hasara haimo, wizi haumo, na kilichobaki ni kwamba hesabu zake sasa hufungwa siku moja badala ya tisa, mara nyingi hana cha kukataa, kwa sababu sentensi hiyo inamsifu yeye pia. Omba jibu la maandishi, ulitunze pamoja na mkataba. Na omba mapema, wakati mradi unakabidhiwa na watu uliofanya nao kazi bado wako mezani, kwa maana miaka mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba hesabu hizo ziliwahi kuchukua siku tisa. Asipojibu hadi siku ya kufunga zabuni, ukimya huo uhesabu kuwa hapana. Andika kazi nyingine ambayo mteja wake ameridhia itajwe.